Naomba ushauri: ujumbe kwa mteja kuhusu malipo yanayosubiri idhini

Habari za kazi wakuu. Bosi kanitumia sauti ya WhatsApp akiwa barabarani, honi zimejaa: "Mwambie yule mteja hela yake ya marejesho ipo, mhasibu kashaingiza benki, bado mkurugenzi kuidhinisha, yuko safari, labda Ijumaa, asipigepige simu."

Mteja anadai shilingi 850,000 alizolipa zaidi kwenye ankara. Malipo kwenye akaunti yetu yanahitaji watu wawili: mmoja anaingiza, mwingine anaidhinisha. Kwa hiyo pesa haijatoka, na sitaki asome "tumelipa".

Nimeandika hivi:

"Habari. Marejesho yako ya Sh 850,000 yameshaandaliwa na yanasubiri idhini ya mwisho. Tutakujulisha yakishaidhinishwa, au Ijumaa saa 10 jioni tukueleze yalipofikia. Samahani kwa kuchelewa."

Safari ya mkurugenzi nimeiacha, hiyo ni ya ndani. La simu ndiyo kabisa!

Maswali yangu: hiyo Ijumaa niitaje hivyo, wakati bosi kasema "labda"? Na "yameshaandaliwa" haitamfanya aanze kuangalia salio leo?