Kroni imenidhalilisha mbele ya mhasibu, siku ya mwisho ya kazi ni kitu gani kigumu hivi??

Wakuu, naomba nitoe hasira. Bosi anataka faili la mishahara liende benki siku ya mwisho ya kazi kila mwezi, saa nne asubuhi. Nikaandika hivi nikajiona nimemaliza:

```
0 10 28-31 * 1-5 /opt/mishahara/lipa.sh
```

Mimi nilisoma tarehe 28 hadi 31 NA iwe Jumatatu hadi Ijumaa. Kumbe ukijaza tarehe na siku ya wiki zote mbili, kroni inasoma AU! Ijumaa 30 Januari 2026 faili likaenda, Jumamosi likaenda tena, Jumatatu tena, mhasibu ananipigia "we kijana unalipa watu mara tatu?" Bahati benki walistuka.

Nikatoa siku ya wiki, nikaweka iangalie kama kesho ni tarehe 1. Februari ikaishia tarehe 28, Jumamosi! Benki imelala, watu wamepata hela Jumatatu tarehe 2 Machi, mimi ndo natukanwa korido nzima. Nani aliamua iwe AU??

mzee_wa_java: Weka LW kwenye sehemu ya tarehe, imeisha hiyo.

mtoa mada: Mkuu nimeweka, inanijibu `bad day-of-month`.

kibubu77: LW ni ya Quartz, kroni ya Linux haiijui.

mama_junior: Sisi tunalipwa tarehe 25, ikiwa wikendi mhasibu anatuma mwenyewe kwa mkono. Mnajitesa.

kibubu77: Mdogo wangu acha kuhesabu tarehe. Uliza siku ya kazi inayofuata ni lini, ikiwa iko mwezi mwingine basi leo ndo yenyewe. Februari iwe na 28 au 29 haikuhusu, `date` inajua. Kroni iwe `0 10 * * 1-5`, halafu juu kabisa ya skripti:

```
n=1; [ $(date +%u) = 5 ] && n=3
[ $(date +%m) = $(date -d "+$n day" +%m) ] && exit 0
```

Usiibandike kwenye kronitabu yenyewe, kule alama ya asilimia inageuka mstari mpya.

pwani_dev: Na sikukuu? 29 Machi 2024 ilikuwa Ijumaa Kuu, hiyo ingetuma siku benki imefungwa, wakati siku yenyewe ilikuwa Alhamisi 28.

kibubu77: Kweli, hapo uwe na faili la sikukuu na uruke mbele siku moja moja mpaka upate siku ya kazi. Ila kwanza angalia LEO haimo kwenye faili, usipofanya hivyo inatuma Alhamisi na Ijumaa tena inatuma.

mtoa mada: Sawa kaka, na Idi je? Mwezi unaandamwa usiku, asubuhi nishachelewa, niandike tarehe gani humo?

pwani_dev: Andika zote mbili 😂

mtoa mada: Halafu isipokuwa sikukuu nimewalipa mapema, bosi ataniua. Nangoja majibu ya maana.