Naomba ushauri: nafutaje makaratasi na skrini nyuma ya picha ya ofisini?

Mtoto_wa_Kurasini
Wakuu, habari za Jumapili. Niko kwenye kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Dar. Ijumaa tulimuaga mama wa hesabu, amestaafu. Tumekata keki, tumepiga picha, na bosi anataka picha moja iende kwenye ukurasa wa kampuni kesho saa mbili asubuhi.

Shida ni kwamba nyuma kuna ubao una maandishi, mezani kuna makaratasi, na pembeni kuna laptopu imewaka. Nataka programu ya simu ya kuvifuta vizuri bila picha kuonekana imechezewa. Kurudia picha haiwezekani, mama ameshapanda basi la Songea.

Babu_Kijiko
Mama kastaafu, keki mmekula, wasomaji wa uzi tumeletewa ubao. Haya, endelea.

Shangazi_Sinza
Wanangu, siku hizi kila kitu lazima kirushwe? Sisi tulikuwa tunamuaga mtu kwa khanga na bahasha, picha inabandikwa kwenye albamu, basi. Kazi zenu ni za siri za watu halafu mnapiga picha katikati ya mafaili.

Fundi_Picha_Tabata
Shangazi ana hoja. Mtoa mada, hujasema jambo la maana. Huo ubao umeandikwa nini?

Mtoto_wa_Kurasini
Mambo ya kawaida ya ofisi mkuu. Ratiba. Nimeshaweka ukungu kwenye ubao na kwenye laptopu, imekaa vizuri tu. Nilitaka kujua kama kuna programu nzuri zaidi.

Salum_wa_Nyali
Kijana, ukitaka kumtoa mtu nyuma ya picha, simu nyingi mpya zina kifutio ndani ya galari. Mimi nilimtoa shemeji kwenye picha za harusi hapa Mombasa, nyumbani hawajanisamehe hadi leo.

Fundi_Picha_Tabata
Salum, yeye anafuta maandishi, si shemeji.

Mtoa mada, ukungu ndio tatizo lenyewe. Ukungu haufuti kitu, unachukua rangi za pikseli zilizo jirani na kuzichanganya kwa hesabu maalumu. Kama kilichofunikwa ni tarakimu za kompyuta, mtu anaandika 0 hadi 9 kwa mwandiko uleule, anazitia ukungu uleule, kisha analinganisha ipi imefanana na doa lako. Hahitaji kurudisha picha nyuma, anakisia na kupima. Vigae vya mraba navyo ni hivyohivyo. Mwaka 2007 kuna mhalifu alikuwa ameuvuruga uso wake kwa kuuzungusha kama maji kwenye sinki. Polisi wa Ujerumani waliuzungusha kinyume, Interpol wakatangaza sura, akakamatwa Thailand mwezi huohuo.

Mwandiko wa mkono ubaoni ni mgumu zaidi kukisia kwa njia hiyo, ila skrini ya laptopu ni rahisi. Ilikuwa imefungua nini?

Mtoto_wa_Kurasini
Orodha ya makontena. Lakini nimekuza picha kwenye WhatsApp, haisomeki kabisa, hata mimi ninayeijua sioni kitu.

Fundi_Picha_Tabata
Umeikuza iliyokwisha kupunguzwa. Tufanye hesabu ya mezani. Picha ya simu ya kawaida ina pikseli 4000 upande mrefu. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, upana unaoingia ni kama mita 4, kwa hiyo kila milimita ya ukuta inapata pikseli moja. Herufi ya ubaoni yenye urefu wa sentimita 4 inapata pikseli 40. WhatsApp ikiibana picha hadi pikseli 1600, bado herufi ina 16, na mimi huanza kusoma kwenye 8 hivi. Kwa hiyo ubao unasomeka popote pale.

Laptopu ikiwa mita moja kutoka kwa mpiga picha, milimita moja inapata pikseli 3. Tarakimu ya milimita 3 ina pikseli 9. Kwenye picha halisi inasomeka kwa shida, kwenye ya WhatsApp imekufa. Ndiyo maana nauliza: picha halisi iko wapi, na nani anayo?

Dogo_Teki
Mbona mnazunguka? Piga skrinshoti ya hiyo picha, tupa ile ya mwanzo. Skrinshoti haibebi mahali ulipopigia, haibebi kijipicha kilichofichwa, haibebi chochote. Kwisha.

Fundi_Picha_Tabata
Nusu umepatia. Skrinshoti inaacha nyuma eneo, kijipicha cha ndani na ile video fupi ya simu zinazorekodi kabla na baada ya kubonyeza. Ila ukungu unaopigiwa skrinshoti unabaki ukungu uleule. Na ukipaka kwa kalamu ya kuwekea alama, wino wake unapitisha mwanga. Paka mara tatu, jicho linaona weusi, halafu mtu anapandisha mwangaza hadi mwisho na maandishi yanarudi.

Mama_Kontena
Nimefanya kazi ya forodha miaka mingi, naomba niongezee. Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile ya mwisho si ya kubahatisha, inakokotolewa kutoka kwenye zilizotangulia. Kwa hiyo tuseme ukungu umeacha tarakimu mbili zenye utata, kila moja inaweza kuwa 3, 6 au 8. Hapo kuna namba 9 za kujaribu. Unazipitisha kwenye hesabu ya tarakimu ya mwisho, mara nyingi inabaki moja, pengine mbili. Halafu unaiingiza kwenye tovuti ya meli na kuona mzigo uko wapi.

Namba peke yake haimtoi mtu na mzigo. Hatari ni namba pamoja na jina, siku ya kutoka na mahali pa kushusha. Mwanangu, ubao wenu una hivyo?

Mtoto_wa_Kurasini
Ndiyo. Jina la mteja, mtaa wa kushushia na siku. Mmoja anashushiwa nyumbani kwake.

Na niseme ukweli tu, maana mnanibana. Picha ilishawekwa Ijumaa jioni kwenye ukurasa, bila kufutwa chochote. Ilikaa saa tatu hivi. Huyo mteja akapiga simu akiwaka, nikaitoa. Bosi nimemwambia nimeshairekebisha kwa ukungu na kila kitu kiko sawa, ndiyo maana anataka irudi kesho. Picha halisi niliituma kwenye grupu la ofisi kama dokumenti ili isipungue ubora. Grupu lina watu 23, na madereva wa nje wamo.

Lakini saa tatu usiku wa Ijumaa, nani anakaa anasoma ubao jamani?

Babu_Kijiko
Mteja wako alikaa akausoma.

Salum_wa_Nyali
Huku kwetu Kenya, mwaka 2023 Kamishna wa data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kurusha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Na nyinyi mna sheria yenu ya taarifa binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023.

Mpekuzi255
Samahani wakuu, mimi hii naiona chai, tena ya rangi. Jamaa kaanza na "programu gani ya kufuta". Sasa tumeshafundishwa namna ya kusoma ukungu, namna ya kuhakiki namba ya kontena na wapi pa kuiingiza. Nani kafaidika hapa? Nahisi huyu si mwenye picha. Ameona picha ya kampuni ya watu, imetiwa ukungu, anataka kujua kilicho chini. Mama wa hesabu hayupo, keki haipo, Songea haipo.

Dogo_Teki
Duh. Na mbona hakuwahi kutaja siku mzigo unatoka?

Mtoto_wa_Kurasini
Kwa hiyo nitaje siku ya mzigo wa mtu ili mniamini? Uzi wenyewe si ndio unazungumzia hilo?

Mama_Kontena
Mpekuzi, nilichosema kila karani wa bandarini anakijua, na hesabu yake imo kwenye vitabu. Hata kama ni chai, jibu ni lilelile. Mwanangu, kabla ya picha shughulikia mzigo. Mpigieni mteja, badilisheni siku au gari, na anayepokea athibitishe kwa simu mnayoijua. Hiyo si kazi ya programu.

Mtoto_wa_Kurasini
Nikimwambia bosi tubadilishe gari atajua nilidanganya. Ningependa kwanza picha ikae vizuri, la mzigo nitaliongea Jumatatu kwa utaratibu.

Shangazi_Sinza
Utaratibu gani na mwenye nyumba yuko kwenye ubao?

Fundi_Picha_Tabata
Chai au si chai, nitaandika hatua mara moja. Anza na picha halisi, si yenye ukungu. Kwanza kata: kama keki na mama wako katikati, laptopu ya pembeni itoke kabisa kwenye fremu, kisichokuwepo hakina cha kufichuliwa. Ubao uliobaki, chukua rangi yake nyeupe yenye kivuli, upake kisanduku kisichopitisha mwanga hata kidogo. Kifutio cha simu nacho kinafaa, kinajaza pikseli mpya juu ya za zamani, ila huacha mikia ya herufi pembezoni, kwa hiyo kuza uikague. Makaratasi ya mezani vivyo hivyo. Kisha hifadhi kama faili jipya la JPEG. Usitume lile la kwenye galari, maana baadhi ya simu hutunza picha ya awali chini ya marekebisho, na mtu anabonyeza "rudisha" tu.

Ukiwa na kompyuta, tumia programu ya exiftool kuangalia kijipicha cha ndani kama bado kina ubao, halafu safisha:

```
exiftool -b -ThumbnailImage keki.jpg > ndogo.jpg
exiftool -all= keki.jpg
```

Mwisho pandisha mwangaza na utofauti hadi juu kabisa, uone kama kuna kitu kinajitokeza. Ile ya kwenye grupu futa kwa wote kama muda unaruhusu, ila aliyeipakua anayo. Hapo sina dawa.

Mpekuzi255
Aweke picha iliyosafishwa. Kama ni yake anayo.

Mtoto_wa_Kurasini
Haya, hii hapa. Nimekata, nimepaka, nimesafisha. Nyuso nimezifunika. Kimebaki keki, mikono ya mama na kabati la mafaili.
[picha]

Babu_Kijiko
Keki ya vanila na maandishi "Asante Mama". Mpekuzi, kunywa chai yako.

Mpekuzi255
Keki hata mimi naweza kuipata mtandaoni.

Fundi_Picha_Tabata
Mtoto wa Kurasini, iondoe sasa hivi. Kabati lina milango ya kioo. Kwenye mlango wa kulia kuna skrini inayowaka, ya mtu aliyekaa nyuma ya mpiga picha. Nimeigeuza kushoto kulia. Maandishi madogo siyaoni, ila mstari wa juu ni mkubwa na una jina la kampuni ya mtu.

Mama_Kontena
Nimeliona. Nawajua hao.

Mtoto_wa_Kurasini
Nimeitoa. Hiyo ni kompyuta ya bosi.