MREJESHO: Kikoa nilichohamisha, wengine walikuwa hawafiki kwenye tovuti

Swali langu lilikuwa: "Nimehamishia kikoa kwenye seva mpya siku 3 zilizopita. Kwangu tovuti inafunguka, wengine wanapata ukurasa wa hitilafu wa seva ya zamani. Niendelee kusubiri DNS isambae?"

Jamani, nimepata jibu, na kusubiri kusingesaidia kitu. Aliyeniuliza TTL ya rekodi zangu ndiye aliyenifumbua macho. Ilikuwa 14400, yaani sekunde za saa 4. Kache inayofuata utaratibu hufuta jibu la zamani muda huo ukiisha, kwa hiyo siku ya 3 haikuwa na kisingizio. Nikauliza rekodi zote mbili (hapa nimeweka jina na anwani za mfano):

```
dig example.com A +short
203.0.113.20
dig example.com AAAA +short
2001:db8::15
```

A ilikuwa ya seva mpya. AAAA, ile ya IPv6, ilikuwa bado ya zamani, nami sikujua hata kama ipo! Mtandao wangu ni wa IPv4 tu, ndiyo maana sikuona tatizo. Wenye IPv6 walipelekwa kule kule. Kwa kawaida kivinjari kikikwama kwenye IPv6 hurudi IPv4, lakini seva ya zamani ilikuwa ikiitika, ikitoa ukurasa wake wa hitilafu, basi kivinjari kikaridhika.

Seva mpya haina IPv6, kwa hiyo nimeifuta AAAA. Baada ya saa 4 hivi, hata mlalamikaji wa mwisho alifungua tovuti.