Nimeletewa barua ya wakili na ajali sikuiripoti bima. Nifanyeje?

TairiBovu: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi umeniruka. Miezi miwili iliyopita niligonga gari la mtu kwa nyuma, mwendo mdogo tu. Nikamlipia taa na bampa, tukaachana kwa amani. Bima sikuwaambia, ningepoteza punguzo langu la kutodai. Sasa wakili wake anaandika kwamba mteja wake aliumia shingo. Bima watalipa?

MamaUkuta: Pole. Mie bomba lilipasuka ukutani. Nikakausha, nikapaka rangi, ndipo nikawapigia. Mkadiriaji kaja kakuta ukuta unang'aa, kaniuliza atajuaje kama lilipasuka ghafla au lilivuja taratibu miaka yote. Kipande cha bomba fundi alishakitupa.

Nyundo: Ukichelewa umeliwa. Mkataba ni mkataba.

KaraniMstaafu: Si kila mara, Nyundo. Kuna mikataba inayosema wazi kwamba usipotoa taarifa kwa wakati, hulipwi kabisa. Mingine inasema tu utoe taarifa mapema, na kwa hiyo mara nyingi bima watabanwa waonyeshe kuchelewa kumewaharibia nini. Halafu kuripoti si kudai. Ungeweza kuwajulisha tu, bila kuomba chochote. TairiBovu, barua umeipata lini, na umeshamjibu?

TairiBovu: Ina kama wiki tatu. Nilijibu kwamba kosa ni langu, tuyamalize. Ningesema uongo? Gari nimeshatengeneza, na picha sikupiga.

KaraniMstaafu: Hapo ndipo penye tatizo. Mikataba mingi inakukataza kukubali kosa bila idhini yao, kwa sababu wao ndio wa kukutetea. Wangeliona bampa lako kabla halijanyooshwa, wangejua mgongano ulikuwa na nguvu kiasi gani, na kama shingo kweli ingeumia. Wapelekee leo hii barua, jumbe zote na risiti ya fundi. Kwa wakili usiandike tena.

JichoKali: Jamani, huyu mwezi jana alisema humu gari kaliuza. Kisa cha kutunga hiki.

TairiBovu: Niliuza la zamani! Nani atunge barua ya wakili?

Nyundo: Basi iweke tuione.

MamaUkuta: Muacheni, ina habari za mgonjwa wa watu.

TairiBovu: Karani, nikiwaambia barua imefika juzi?

KaraniMstaafu: Barua ina tarehe, na majibu yako kwa wakili yana tarehe. Kuchelewa kunaweza kujadiliwa. Wakigundua umesogeza siku wataliita udanganyifu, na dai zima linakufa.

JichoKali: Mnashauri hewa.

MamaUkuta: Mie ukuta wangu si hewa. Karani, bili za maji ninazo. Zitasaidia?

KaraniMstaafu: Peleka za mwaka mzima, dada. Kama matumizi yaliruka mwezi ule mmoja tu, zinaelekea kuonyesha lilipasuka ghafla. Kama yalipanda kidogo kidogo, zitakuumiza. Na mwombe fundi aandike alichokiona alipofungua ukuta.

TairiBovu: Na mimi je, punguzo langu?