Pamfleti la "mada moto" za Kiswahili kidato cha nne limemponza mdogo wangu. Nimelikagua na nimeona tatizo lilipo

Fundi_wa_Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na sizifichi.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne hapa Kigoma. Mwezi wa tano alinijia kibandani Mwanga, ninapotengeneza simu, akaomba elfu tano ya pamfleti linalouzwa na kituo kimoja cha tuisheni hapa mjini. Jalada linasema wamechambua pepa za Kiswahili za miaka kumi, wakapata mada kumi na mbili za moto, na kwamba nyingine achana nazo, muda hautoshi. Nikatoa hela. Binti akafunga daftari lake la shule, akakariri pamfleti wiki tano. Moko imetoka, na Kiswahili, somo ambalo alikuwa hashuki chini ya B, amepata D. Siku tatu alikuwa haongei na mtu nyumbani.

Jumapili sikufungua kibanda. Nilitandika mkekani pamfleti, pepa la moko na pepa za miaka ya nyuma, nikapitia swali kwa swali. Watu hawa hawakuchambua chochote. Walihesabu vichwa vya habari tu.

Angalia walivyofanya. Kila mada imewekewa vistari vya mara ilizotoka. Swali la kuchagua lenye alama 1 lina kistari kimoja, na insha yenye alama 15 nayo ina kistari kimoja. Kwa fomati ya sasa ya NECTA sehemu A ina alama 16, sehemu B ina alama 54, sehemu C ina alama 30. Mada inayojitokeza kila mwaka kwenye maswali ya kuchagua tu inaonekana mfalme kwenye jedwali lao, na ile inayotoka mara chache lakini ikija inakuja kama insha wameitupa chini. Ungeandika alama badala ya vistari, orodha yote ingepinduka.

Hilo ningeweza kulimeza. Kilichonichoma ni mofimu. Ipo juu kabisa kwenye orodha yao, na kweli ilitoka kwenye moko. Sasa kwa nini binti aliyekariri mofimu wiki nzima apate alama 2 kati ya 9?

Kwa sababu pamfleti limemfundisha maana ya mofimu na aina zake, basi. Swali la moko lilimpa neno "hatukumpigia" likamwambia abainishe mofimu zake na dhima ya kila moja. Hapo unatakiwa ukate: ha- ni ukanushi, -tu- ni nafsi ya kwanza wingi, -ku- ni wakati uliopita katika hali ya kukanusha, -m- ni mtendewa, -pig- ni mzizi, -i- ni kauli ya kutendea, -a ni kiishio. Yeye aliandika maana, akaandika mofimu huru na mofimu tegemezi, akatoa mifano mizuri, na hakuna kati ya hayo kilichoulizwa.

Nikarudi kwenye pepa za nyuma nikaona mtindo wenyewe. Mada ni ileile, kazi zinatofautiana. Kuna swali linalotaka ueleze maana. Kuna linalotaka ukate neno. Kuna linalochukua mofimu moja, mfano "ku", na kutaka utaje dhima zake kwa mifano: nakupenda (mtendwa, nafsi ya pili umoja), sikuja (kukanusha wakati uliopita), kusoma kunafaa (kuunda jina), kule kumejaa watu (mahali). Mwanafunzi anayejua moja hajui nyingine. Kwenye pamfleti zote tatu ni vistari vitatu vya "mofimu".

Mwishoni nilifanya jaribio ambalo wao wangelifanya kabla ya kumuuzia mtoto wa mtu. Nilichukua maswali sita ya sehemu B ya moko, kila moja alama 9, nikalinganisha na orodha yao. Kwa jina la mada, waligusa maswali manne, yaani alama 36 kati ya 54. Ukiuliza ni mangapi binti angeyajibu kwa kile hasa kilichoandikwa ndani ya pamfleti, ni moja. Alama 9.

Nilienda kituoni. Nikaambiwa, "Mada si zimetoka, kaka? Mtoto wako hakusoma."

Fomati iko bure kwenye tovuti ya NECTA. Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ziko bure palepale. Mnauza nini?

---

Bint_Ujiji

Pole kaka, mpe pole na mdogo wetu. Ila usiseme pamfleti zote ni mbaya. Mimi la kwetu lilinitoa na C nzuri. Siri ni moja: angalia mada iliyotoka mwaka jana, iache, haiwezi kurudi mara mbili mfululizo. Soma zile zilizokaa miaka mitatu bila kuonekana, ndizo zinakuja.

---

Mzee_wa_Gungu

Nasikitika kuona watu wanauza mitihani hadharani. Kama pepa la moko limevuja na linauzwa elfu tano, apelekewe afisa elimu leo leo. Huu uozo umetuchosha.

---

Fundi_wa_Mwanga

Mzee wangu shikamoo. Pepa halijavuja. Wanauza makisio ya mada, wakidai yametokana na pepa za nyuma. Lingekuwa limevuja binti asingepata D.

---

Mwl_Isevya

Habari zenu kutoka Tabora. Nafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na nane huu, na nimewahi kukaa meza ya kusahihisha. Fundi, umeona jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawajaliona.

Bint Ujiji, mwanangu, hapo kwenye "haiwezi kurudi" umepotoka, ingawa naelewa ulikoipata. Mtungaji hafuati zamu. Anafuata fomati, na fomati inamwambia mada zipi lazima zipimwe. Kwa hiyo sarufi itakuwepo mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu. Kinachobadilika ni kipande gani cha sarufi na kinaulizwaje. Upo sahihi kwamba swali lenyewe, neno kwa neno, ni nadra kurudi mwaka unaofuata. Lakini mwanafunzi akiacha mada nzima kwa sababu hiyo, ameacha alama 9 mezani kwa hiari yake.

Wanangu nawachoresha jedwali la safu nne tu: mada ndogo, kitenzi cha swali, alama, na mpaka wa swali. Safu ya pili na ya nne ndizo zinazookoa. "Taja" haifanani na "fafanua", na "bainisha" si "jadili". Ukisoma zile taarifa za NECTA utakutana kila mara na sababu ileile ya watahiniwa kuanguka: kutotambua matakwa ya swali. Na zina sampuli za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono wa watahiniwa wenyewe. Humo unauona mtindo wa mtahini vizuri kuliko kwenye pepa lenyewe.

Mpaka wa swali niueleze kwa mfano wa huku kwetu. Niliwapa wanafunzi swali: fafanua mambo yaliyosaidia kuenea kwa Kiswahili Tanganyika enzi za Wajerumani. Mada ya kukua na kuenea kwa Kiswahili wanaijua, na kwa mtoto wa Tabora ni historia ya mtaani kwake. Wakamimina kila kitu. Misafara ya Waarabu ya Unyanyembe na Ujiji: imekosewa, ni kabla ya Wajerumani. Kamati ya Lugha ya 1930: imekosewa, hao ni Waingereza. Reli ya kati iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914: sawa. Maakida na utawala kutumia Kiswahili: sawa. Mtoto aliyeandika kurasa tatu akapata chini ya aliyeandika moja. Mada aliijua yote, ila hakuuona mpaka.

---

Mama_Dagaa_Kibirizi

Mwalimu shikamoo. Mimi wangu yuko darasa la saba, naye kaletewa kitabu cha maswali ya nyuma. Anayajibu yote kwa kukariri, hadi herufi ya jibu. Ukimwuliza "kwa nini B?" hajui. Nimnyang'anye?

---

Mwl_Isevya

Marahaba mama. Usimnyang'anye. Funika machaguo kwa karatasi, asome swali, aseme jibu kwa maneno yake, ndipo afunue. Akishindwa kusema, hajui, hata kama herufi ni sahihi.

---

Kijana_wa_Nzega

Mwalimu naomba kuuliza, turudi nyuma miaka mingapi? Hao wa pamfleti wametumia kumi. Mimi natumia kumi na tano, nikiamini data ikiwa nyingi ndiyo bora.

---

Mwl_Isevya

Kwa mada, rudi unavyotaka. Kwa mtindo, usivuke mabadiliko ya fomati. Pepa za zamani za Kiswahili zilikuwa na sehemu A mpaka E, kila sehemu na eneo lake. Leo ni A, B na C, na maeneo yamechanganyika ndani yake. Ukijumlisha alama za pande hizo mbili kwenye jedwali moja unapata picha ya mtihani ambao haupo.

---

Kijana_wa_Nzega

Basi pepa za fomati mpya ni chache mno kuonyesha mwelekeo wowote. Pepa nne tano utasemaje "mada hii inapendwa"?

---

Mwl_Isevya

Hapo umenibana, na sina jibu la kukuridhisha. Nikiwa na pepa chache naongeza moko za mikoa mbalimbali, lakini moko zinatungwa na walimu kama sisi, kila mmoja na mazoea yake. Mwenzangu wa idara hazitumii kabisa, anasema zinapotosha. Tunabishana kila mwaka.

---

Bint_Ujiji

Nimeelewa la sarufi, Mwalimu. Na fasihi je? Pale mwanafunzi anachagua vitabu vyake. Kuna ubaya gani kuandaa dhamira moja, tuseme nafasi ya mwanamke, kwenye vitabu viwili, ukaingia nayo?

---

Mwl_Isevya

Ubaya ni pale swali likija na ujenzi wa wahusika au matumizi ya lugha. Andaa matukio ya kitabu: nani alifanya nini, wapi, kukatokea nini. Tukio moja utaligeuza kuwa ushahidi wa dhamira, wa mhusika au wa mgogoro. Dhamira iliyokaririwa haigeuki.

---

Fundi_wa_Mwanga

Mwalimu, nakushukuru sana. Jana usiku nimechora jedwali lako na binti. Tumeanza na pepa la moko lenyewe, kila alama aliyopoteza tukaiandikia safu yake. Kwenye sehemu B, alama alizokosa kwa kutojua mada ni 11. Alizokosa kwa kujibu kazi nyingine au kuvuka mpaka wa swali ni 29. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kumbe nilikuwa najua?"

Kesho narudi kile kituo na hilo jedwali. Nataka elfu tano yangu, na nataka waondoe maneno "nyingine achana nazo" kwenye jalada kabla hawajauzia mtoto mwingine. Wazazi wa hapa mjini ambao watoto wenu wanalo, karibuni twende wote, saa nne asubuhi niko kibandani.

---

Mama_Dagaa_Kibirizi

Nakuja. Binti wa dada yangu analo.