Wakuu, nilipie programu ya kusikiliza mitandao au niajiri binti wa kusoma komenti?

MamaUji_Dom
Habari za jioni wakuu. Nina kiwanda kidogo cha unga wa lishe, mwaka wa tatu huu. Mauzo yamesimama palepale, na kuna mshindani ameingia na pakiti nzuri kuliko yangu. Nataka kujua watu wanasema nini mitandaoni juu yangu na juu yake, na kitu gani wanakitaka sisi hatuwapi. Kijana mmoja ananishawishi nilipie Brand24, anasema inakusanya kila mahali jina lako linapotajwa. Njia nyingine ni kumlipa binti wa chuo asome komenti kila siku. Nimetenga laki mbili na nusu kwa mwezi. Nichukue ipi?

Chapati_Kavu
Mama, umeuliza dawa hujasema unaumwa wapi. Unga unaitwaje? Wateja wako wapi? Wanakuandikia mtandao gani?

KijanaWaPosta
Chukua programu, usijitese. Binti atasoma siku tatu, ya nne yuko TikTok anacheza. Programu hailali, inaona Facebook, Insta, magrupu ya WhatsApp, kila kitu, na inakupangia zipi za sifa na zipi za lawama.

Babu_Kibaigwa
Mahindi unanunua wapi binti yangu? Huku mnadani kuna mzigo mkavu kabisa.

MamaUji_Dom
Samahani wakuu. Unga unaitwa Neema. Wateja ni akina mama wa Dodoma, Singida na Morogoro. Wengi wako kwenye magrupu ya WhatsApp, wengine Instagram, nina wafuasi 3,400. Babu nitakutafuta.

Fundi_Takwimu
Neema! Basi hapo umeshajijibu nusu. Programu hizi zinawinda neno. Ukiweka "Neema" zitakuletea maombi ya asubuhi, nyimbo za injili na kila msichana anayeitwa Neema kuanzia Mtwara hadi Bukavu. Unaweza kuibana ilete tu penye "Neema" pamoja na "unga" au "uji", ila hapo utapoteza komenti unazozitaka hasa. Mama aliyekasirika chini ya picha yako hataji jina, anaandika "mbona mchungu?" akaondoka. Ukiunganisha ukurasa wako mwenyewe, programu itaziona. Wa mshindani huwezi kuuunganisha, si wako.

Na kijana wa Posta, hakuna programu inayosoma magrupu ya WhatsApp ya watu. Magrupu ya Facebook yaliyofungwa nayo ni hivyohivyo. Hata Instagram yenyewe inaziruhusu programu kutafuta alama za reli 30 tu ndani ya siku saba.

KijanaWaPosta
Sawa, WhatsApp nimeteleza. Lakini kupanga sifa na lawama inapanga.

Mwana_Kilifi
Kwa Kiswahili chetu? Nilijaribu moja nikiwa na mkahawa. Mteja kaandika "biriani ya hapa ni hatari, noma sana", ikawekwa kwenye lawama. Mwingine kaandika "asanteni kwa kunilaza choo usiku kucha", ikawekwa kwenye shukrani. Mimi natumia X tu, bure, unatafuta hivi:

```
"unga wa lishe" (mchungu OR uchungu OR umechacha) -filter:links
```

Kenya tafuta pia "unga wa uji", huku hatusemi sana lishe. Ila usichuje kwa lugha, posti nyingi za Kiswahili nimezikuta zimewekewa alama ya Kiindonesia.

Chapati_Kavu
X hapa Bongo tangu Mei 2025 haifunguki kawaida. Atakachosikia huko ni Wakenya na ndugu zetu wa ughaibuni. Mama wa Singida hayumo.

Dada_Sabuni
Naomba niwasimulie yangu, isije ikamkuta mwingine. Nauza vipodozi. Mwaka juzi nililipia programu, jina silitaji, malipo ya mwaka mzima kwa sababu walitoa punguzo. Mwezi wa pili nikaona mstari wa "sabuni ya manjano" umepanda kama mnazi. Nikajua ndiyo hii, kabla wenzangu hawajashtuka. Nikachukua mkopo wa kikundi, nikaagiza vipande 300. Mzigo umefika, kimya. Nauza viwili kwa wiki. Mdogo wangu ndiye aliyekaa akafungua zile posti moja moja. Kumbe kuna dada maarufu aligawa zawadi: andika "sabuni ya manjano" na uwataje marafiki watatu ushinde simu. Watu walikuwa wanataka simu! Hakuna hata mmoja aliyeuliza sabuni inapatikana wapi. Vipande kama 200 vilibaki, vingine nikagawa kwenye kitchen party. Na ule mwaka haukurudishiwa hela.

Fundi_Takwimu
Pole dada. Mstari ukipanda, hesabu watu, usihesabu posti. Halafu soma 20 za mwanzo kwa macho yako.

Mama, jana usiku sikuwa na usingizi, nikafungua kurasa tatu za unga wa lishe, nikasoma komenti 200 za karibuni. 121 ni "bei?" na "mnapatikana wapi?". 31 ni kuitana na vikatuni. Zikabaki 48 zenye maneno. Kati ya hizo 14 zinalalamikia uchungu, 11 zinauliza unafaa mtoto wa umri gani, 9 zinaomba usiotiwa karanga, 5 zinauliza kama umepimwa sumukuvu, na 9 ni mengineyo.

Sasa usikimbilie kusema "mshindani unga wake mchungu". Zile 14 zimeandikwa na watu 9, mama mmoja kaandika mara sita. Na karibu zote ni za wiki tatu zilezile, ukurasa mmoja. Mimi nahisi ni mkupuo mmoja ulioharibika, si udhaifu wa kudumu. Ungekuwa wa kudumu ungeuona unarudi mwezi hadi mwezi, kwa watu wasiojuana. Za sumukuvu ni 5 tu, ila zote ni za mwezi huu na zimetawanyika kurasa zote tatu. Hizo ndizo ningezifuatilia.

Binti akianza, mpe daftari: tarehe, maneno yenyewe alivyoandika mteja, ukurasa gani, na kama alishanunua au anauliza tu. Asifupishe maneno. Majina na namba za simu asinakili, sheria ya taarifa binafsi ipo.

MamaUji_Dom
Hizo 121 za bei zimenichoma. Mimi kila picha naandika "bei njoo inboksi".

KijanaWaPosta
Usiweke bei wazi, mshindani atakushusha.

Dada_Sabuni
Mshindani atatuma mtu kuuliza inboksi, dakika moja. Unayemficha ni mteja.

Chapati_Kavu
Kwa rejareja weka, kwa jumla ficha.

Mwana_Kilifi
Tukirudi kwa uchungu, hiyo ni soya haijakaangwa ikaiva.

Babu_Kibaigwa
Si soya. Ni karanga. Mafuta yake yakikaa kwenye joto yanachacha. Toa karanga uone.

Mwana_Kilifi
Babu, karanga ikichacha inanuka kwanza. Uchungu usio na harufu ni soya.

MamaUji_Dom
Mimi soya nachemsha, nakausha, ndipo nakaanga. Karanga natia kilo moja kwa kilo kumi. Ni nyingi?

Fundi_Takwimu
Binti umeshampata?

MamaUji_Dom
Anaanza Jumatatu, nimempa wiki mbili za majaribio. Programu bado sijaikataa moja kwa moja, kijana anasema kuna siku za kujaribu bure. Ila magrupu ya WhatsApp sijui niyaingieje, akina mama wakijua muuzaji yumo wananyamaza.

Dada_Sabuni
Usijifiche, wakikugundua ndiyo umekwisha. Muombe kiongozi wa grupu aulize swali moja.

Babu_Kibaigwa
Na mahindi je?