Tupeane uzoefu: chenji ya hamsini ikikosekana, nani analiwa?

Mpita_Njia (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Mbagala sarafu ya hamsini imekuwa adimu, na za kumi na ishirini hakuna muuzaji anayezipokea. Matokeo yake bei nyingi zinasogezwa hadi kwenye mia, na naona wanaoumia ni sisi tunaonunua vidogo vidogo.

Mfano ni sukari ya kupima. Kilo ni 2,700. Robo kihesabu ni 675, dukani ni 700. Nusu robo ingekuwa 337 na kitu, inauzwa 350, na siku hamsini hazipo inakuwa 400. Mwenye hela ya kilo nzima analipa 2,700 na kuondoka. Mimi nikinunua nusu robo mara nane kwa 400 nimelipa 3,200 kwa sukari ileile. Hiyo ni jero nzima imeyeyuka.

Wenye maduka, makonda, watu wa sokoni, tupeane uzoefu: mnapandisha au mnashusha, na hiyo tofauti inaingia mfuko wa nani?

MamaDuka
Mdogo wangu, hesabu yako ni sahihi ila imeangalia upande mmoja wa mzani. Mimi mfuko wa kilo 50 nauchukua kwa 125,000, yaani kilo 2,500. Nusu robo peke yake inanigharimu 312. Ukisema nishushe hadi 300 nimekuuzia kwa hasara, na bado sijatoa kifuko cha kufungia. Kupanda naweza, kushuka siwezi, kwa sababu faida yenyewe ni nyembamba kuliko hiyo hamsini tunayoigombania.

Halafu kuna kitu mteja haoni. Mfuko wa kilo 50 kwenye karatasi unatoa robo 200. Kwenye mzani hautoi, maana kila mara kijiko kinazidi kidogo, na nyingine inamwagika. Mimi napata kama robo 195. Nikiuza kwa 700 ni 136,500. Ningeuza kilo nzima nzima ingekuwa 135,000. Kwa hiyo kwenye robo ile 25 yako sehemu kubwa imeliwa na mzani, nimebaki na 1,500 kwa mfuko mzima. Nusu robo ya 400 hiyo siitetei, pale duka linafaidi kweli.

Mpita_Njia
Shikamoo mama, na asante kwa kusema wazi. Na pipi je? Kuna duka ukidai hamsini unapewa pipi bila kuulizwa.

MamaDuka
Marahaba. Pakiti ya pipi 100 nainunua 3,500, moja 35. Nikikupa badala ya hamsini nimebaki na 15, na nimeuza kitu ambacho hukuja kukinunua. Ndiyo maana mimi namwandikia mteja kwenye daftari, hamsini mbili zikifika mia anachukua mia yake. Wateja wa mtaani wanalikubali hilo. Mpita njia halimsaidii.

Konda_Mstaafu
Kwenye gari ni tofauti na duka, maana bei hatupangi sisi. Wakati nauli ya njia yetu ilipoishia na hamsini, tajiri alitaka hesabu yake ileile jioni. Abiria akitoa mia sita na sina hamsini, imekwenda. Lakini akitoa jero na kusema hana hamsini, nimwache barabarani? Naye alipanda. Asubuhi nilikuwa nafaidi kwa sababu watu wana haraka na wanatoka na noti. Jioni walikuwa wanafaidi wao, wanarudi na sarafu za kuhesabu na kila mtu anadai hana hamsini.

Njia yetu kubwa ilikuwa kuunganisha watu. Wawili wanadai hamsini hamsini, nampa mmoja mia, nawaambia mtagawana mkishuka. Kama wanashuka kituo kimoja inafanya kazi. Kama sivyo, anayetangulia kushuka ndiye anayepoteza, isipokuwa ile mia iwe mkononi mwake.

Mtu_wa_Mwanza
Mnajitesa bure. Leo umepandishiwa, kesho utashushiwa, mwisho wa mwezi zinafidiana. Nchi nyingi zimefuta sarafu ndogo na hakuna aliyefilisika.

Bibi_Hesabu
Zinafidiana kama kuna kanuni moja inayotumika kwa wote, na kama tarakimu za mwisho zinaangukia popote bila mtu kuzipanga. Hapa anayepanga bei ndiye huyohuyo anayeamua kupandisha. Mama hapo juu ameshakueleza kwa nini hashuki. Sasa hiyo fidia itatoka wapi?

Jambo la pili ni mahali pa kusogeza hesabu. Chukua robo ya sukari 675, robo ya unga 425 na kipande cha sabuni 350. Ukipandisha kila kimoja hadi mia unapata 700, 500 na 400, jumla 1,600. Ukijumlisha kwanza ni 1,450, ndipo unapandisha hadi 1,500. Vitu vilevile, duka lilelile, tofauti ni mia. Mimi dukani huomba tujumlishe kwanza, na sijawahi kukataliwa.

MamaDuka
Hata mimi nitakubali. Tatizo wengi wanakuja kwa kitu kimoja kimoja, anatumwa mtoto asubuhi, anatumwa tena mchana.

Mbeba_Baridi
Niko Kanada, na hapa senti moja iliondolewa Februari 2013. Kanuni ni kama anavyosema Bibi: unajumlisha vyote, unaweka kodi, ndipo jumla inasogezwa kwenye tano iliyo karibu. Inahusu anayelipa taslimu tu, mwenye kadi anakatwa senti zake kamili.

Lakini siyo kwamba hakuna mchezo. Vitu vingi bei inaishia na 99. Kwa vyakula visivyo na kodi, ukinunua kimoja cha 4.99 unalipa 5.00. Viwili ni 9.98, unalipa 10.00. Vitatu ni 14.97, unalipa 14.95. Vinne ni 19.96, unalipa 19.95. Kwa hiyo duka linapata kwa anayenunua kimoja au viwili, na linapoteza kwa anayenunua vitatu au vinne. Ukiwa na kadi na taslimu mfukoni, unachagua ya kulipia kwa kuangalia tarakimu ya mwisho.

Mweka_Hazina
Sisi kwenye kikundi chetu tulikwama hapohapo. Faida ilikuwa 412,000, wanachama 15, kila mmoja 27,466. Tukagawa 27,000, ikabaki 7,000. Mwenyekiti anasema ni ya vocha za viongozi. Mnashaurije?

Bibi_Hesabu
Ndugu, hapa tunaongelea chenji ya dukani, ila nitakujibu. Mngegawa 27,400, ingebaki 1,000 tu. Chochote kinachobaki kiandikwe kwenye kitabu kuwa mtaji wa mzunguko unaofuata, kisiitwe vocha.

Muuza_Nyanya
Sokoni hatuna hilo tatizo. Fungu ni jero, basi.

Bibi_Hesabu
Mnalo, ila limehamia kwenye fungu. Nyanya zikipanda, bei inabaki jero na fungu linatoka nyanya sita hadi tano. Ukisogeza kwa nyanya moja umesogeza sehemu ya sita, karibu 83 kwenye ile jero. Hiyo ni kubwa kuliko hamsini inayolalamikiwa dukani. Kwenye mafuta ya gari au LUKU ni afadhali: unasema weka ya elfu tano, kipimo kinafuata hela hadi kwenye desimali.

Muuza_Nyanya
Sawa, lakini tukiweka tano tunachagua kubwa. Hilo umelihesabu?

Mpita_Njia
Mama, kwa hiyo nikikuletea 1,350 kamili kwa nusu robo nne kwa mara moja, utanipa bila kunipandishia?

MamaDuka
Nusu robo nne si ni nusu kilo, mdogo wangu? Njoo na hiyo hamsini yako, nusu kilo ni 1,350. Ukitaka zifungwe vifuko vinne, hapo tutaongea.